Barua yangu kwa wasimamizi wa mitihani: naomba muisome kabla sijaigawa

Bondeni_Moshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni ofisa mitihani katika chuo kimoja hapa Moshi. Mitihani ya mwisho wa muhula inaanza Jumatatu ya wiki ijayo na nimeandika barua ya kuwagawia wasimamizi. Wengi wao ni wakufunzi wenzangu, wachache tunawaazima kutoka utawala. Kabla sijaipeleka kwa mkuu wa taaluma kusainiwa, naomba wanaoijua kazi hii waipitie.

Niwaambie kwanza kilichonisukuma. Mwaka jana mwezi wa nne masika yalikuwa yamekolea. Ukumbi wetu ni bati tupu, hauna dari. Mvua ikishika, msimamizi aliye mbele akisema jambo, waliokaa nyuma wanaona mdomo tu unacheza. Mtihani ulikuwa wa saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Saa 5:50 umeme ukakatika, ukumbi ukawa giza, watahiniwa wakainuka wote kwa pamoja na kuja kurundika vitabu vya majibu kwenye meza ya mbele.

Orodha ilikuwa na majina 62. Waliosaini mahudhurio walikuwa 60. Vitabu vilivyofika ofisini kwangu vilikuwa 59. Fomu ya makabidhiano ilisema 60, kwa sababu msimamizi aliitoa ile 60 kwenye orodha ya saini, hakuhesabu vitabu vyenyewe. Mimi nami nilipokea bila kuhesabu mbele yake. Niligundua saa 11 jioni, kila mtu ameshaondoka.

Binti mmoja alikuwa amesaini, kitabu chake hakipo. Yeye anasema alikiweka mezani. Msimamizi anasema kama kiliwekwa mezani basi kingekuwepo. Mambo matatu yaliwezekana: alitoka nacho, au kilipotea baada ya kuwekwa mezani, au hakuwepo kabisa na mwenzake alimsainia. Tulikuwa na njia ya kulitenga hilo la tatu, tukaipoteza wenyewe. Vitabu vitupu tulivyowapa asubuhi vilikuwa 70. Kama vingerudi 10, maana yake 60 vilitoka mikononi mwao na binti alipewa chake. Kama vingerudi 11, maana yake kuna saini isiyo na kitabu. Vilivyorudi hakuna aliyevihesabu, vilichanganywa na vya chumba cha pili. Binti aliruhusiwa kufanya mtihani maalumu mwezi wa tisa. Kitabu hakijaonekana hadi leo, na mimi jambo hili bado linaniuma, kwa sababu inawezekana kabisa alisema kweli na sisi ndio tuliokuwa na kosa.

Barua yenyewe hii hapa. Nimeondoa kichwa cha chuo na kumbukumbu namba.

*Kwa: Wasimamizi wote wa mitihani*

*YAH: UTARATIBU WA KUPOKEA, KUTUNZA NA KURUDISHA KARATASI ZA MITIHANI, NA KUTOA TAARIFA ZA UKIUKWAJI*

*Ndugu msimamizi, tafadhali fika ofisi ya mitihani dakika 45 kabla ya mtihani kuanza. Utakabidhiwa bahasha ya maswali ikiwa imefungwa kwa lakiri, vitabu vya majibu, orodha ya watahiniwa na ramani ya viti. Kagua lakiri kabla ya kusaini rejesta. Ukiona imechanika au imebandikwa upya, usiipokee. Andika ulichokiona na umwite ofisa mitihani. Ukishasaini, bahasha haiachwi kwenye gari, kantini wala mezani kwako hata kwa dakika moja.*

*Bahasha itafunguliwa ndani ya chumba, dakika 5 kabla ya muda, mbele ya watahiniwa wawili ambao watasaini kwamba wameiona ikiwa nzima.*

*Hakuna atakayeingia baada ya nusu saa ya kwanza, na hakuna atakayetoka kabla ya nusu saa hiyo. Kanuni hizi mbili zinategemeana: aliyeona maswali asikutane na ambaye hajaingia.*

*Mahudhurio yasainiwe baada ya nusu saa hiyo. Msimamizi apite meza kwa meza na kitambulisho kikiwa wazi, orodha isipitishwe mkono kwa mkono. Pembeni ya saini iandikwe namba iliyochapwa juu ya kitabu cha majibu. Jina la asiyekuwepo lipigwe mstari kwa wino mwekundu muda huohuo.*

*Muda ukiisha, watahiniwa wabaki wamekaa. Msimamizi mmoja akusanye kwa kufuata orodha, mwingine asimame mlangoni. Vitabu vihesabiwe kabla mtu yeyote hajainuka. Vilivyopokelewa asubuhi viwe sawa na vilivyotumika kujumlisha na vilivyobaki. Hesabu isipokubali, hakuna atakayetoka.*

*Mtahiniwa akishukiwa kufanya udanganyifu, msimamizi amwite msimamizi mwenzake aone kabla hajagusa chochote. Kielelezo kichukuliwe, kiwekwe kwenye bahasha yake, kiandikwe saa. Kwenye kitabu cha mtahiniwa upigwe mstari pale alipofikia, wasimamizi wote wawili wasaini, kisha apewe kitabu kipya aendelee hadi muda uishe. Baada ya mtihani aandike maelezo yake. Akikataa, iandikwe "amekataa kuandika" mbele ya shahidi. Taarifa ifike ofisi ya mitihani siku hiyohiyo pamoja na vitabu.*

*Nakutakia kazi njema.*

Karibuni mkosoe.

---

Mstaafu_Kibosho

Nimesoma mara mbili. Nimesimamia mitihani ya taifa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, sehemu kubwa hapahapa Kilimanjaro, na barua nyingi za namna hii nilizopewa zilijaa "ni marufuku" bila kumwambia mtu afanye nini. Hii yako inamwambia. Ila ina mashimo mawili.

La kwanza ni hesabu yako. "Vilivyotumika na vilivyobaki" itagoma siku ya kwanza tu. Mtahiniwa anayejaza kitabu anaomba cha nyongeza. Mwingine anapewa kilichochapwa vibaya, kurasa zimerukwa, unambadilishia. Na wewe mwenyewe umeagiza mshukiwa apewe kitabu kipya! Kwa hiyo watu 60 wanaweza kutumia vitabu 64 bila kosa lolote. Msimamizi ataona 60 hailingani na 64, atachanganyikiwa, na akishachanganyikiwa atabuni namba ili fomu ikubali. Hapo ndipo uongo unapoanzia kwenye fomu, na wanaoufanya ni watu waaminifu waliochoka. Weka safu ya nyongeza na safu ya vilivyoharibika. Kila nyongeza mtahiniwa aisainie muda anapopewa, na vilivyoharibika virudi, visitupwe.

La pili ni bahasha. Umesema ikaguliwe lakiri, hujasema isomwe. Nimewahi kuona msimamizi makini, lakiri nzima, mashahidi wawili wamesaini, akafungua karatasi ya mchana asubuhi. Somo ni moja, bahasha ya kwanza na ya pili zinafanana, tofauti ni tarakimu moja. Agiza jina la somo, namba yake, tarehe na saa visomwe kwa sauti kutoka kwenye bahasha, na wale watahiniwa wawili waangalie maandishi, wasiangalie lakiri peke yake. Na uandike afanye nini ikitokea: asigawe hata moja, azirudishe ndani, afunge, aandike saa na majina ya walioona, mmoja abaki chumbani na simu ipigwe kwako kabla mlango haujafunguliwa. Ikishagawiwa safu ya kwanza tu, karatasi hiyo imekufa. Utahitaji karatasi ya akiba.

---

Majengo_Boy

Mkuu mimi sikubaliani na hiyo ya kumpa kitabu kipya aendelee. Mtu nimemkamata na desa mkononi, namwachaje akae anaandika kama hakuna kilichotokea? Wenzake wanaona. Huyo unamtoa nje palepale na wengine wote wanakaa sawa. Chuoni kwetu ndivyo walivyofanya na chabo zilikwisha siku ile.

---

Mstaafu_Kibosho

@Majengo_Boy kijana wangu, upo sehemu ambayo una haki. Anayefanya fujo, anayechana karatasi, anayemtisha msimamizi, huyo anatolewa kwa sababu anawavurugia wengine. Lakini aliyekutwa na karatasi akakaa kimya, kumtoa ni kumhukumu. Msimamizi ni shahidi. Kesho kamati inaweza kusema ile karatasi ilikuwa ratiba ya masomo, au ilianguka kutoka meza ya nyuma. Ukishamtoa, saa mbili alizopoteza utamrudishia wapi? Ukimwacha aendelee na kamati ikamkuta na hatia, kitabu kinafutwa chote, hajapata faida yoyote. Hatari mbili hizo hazina uzito sawa.

Na ule mstari kwenye kitabu cha kwanza una kazi yake. Kamati inalinganisha yaliyoandikwa kabla ya mstari na yaliyo kwenye kielelezo. Sentensi zikifanana neno kwa neno, hata kosa la tahajia likiwa lilelile, kesi imekwisha. Zisipofanana, bado kuna kosa la kuingia na karatasi, lakini ni kosa jingine.

---

MamaNjiro

Shikamoo mwalimu. Naona humu kuna watu wa mitihani. Mwanangu wa kidato cha nne alifanya masomo yote, mimi mwenyewe nilimpeleka shule kila asubuhi, matokeo yametoka somo moja limeandikwa kwamba hakuwepo. Sasa nyinyi mnaposema vitabu vinapotea, ni nyinyi mliompotezea? Niende ofisi gani hapa Arusha?

---

Bondeni_Moshi

@MamaNjiro pole sana mama. Mimi ni wa chuo, mitihani ya kidato cha nne iko chini ya Baraza la Mitihani la Taifa, sihusiki nayo. Lakini jambo lako lina undugu na hili.

---

Mstaafu_Kibosho

@MamaNjiro marahaba mwanangu. Anzia shuleni, kwa mkuu wa shule, kwani ndiye mkuu wa kituo na ndiye anayeandikiana na Baraza. Usiende na malalamiko ya jumla. Nenda na namba ya mtihani ya mtoto, jina la somo, tarehe, asubuhi au mchana. Mwambie mkuu aombe orodha ya mahudhurio ya somo hilo iangaliwe. Mtoto alisaini? Kama saini yake ipo, neno hilo "hakuwepo" linapingwa na karatasi yao wenyewe. Mwulize mtoto pia kwa upole kama aliandika namba yake sawasawa juu ya kitabu. Kuna watoto wanaobadilisha tarakimu moja kwa hofu, majibu yakaenda kwenye namba ya mtu mwingine. Usikae, nenda kesho.

---

Sekei_88

Nimesoma uzi huu mikono ikitetemeka kidogo, kwa sababu mimi nilishawahi kukaa upande wa pili wa meza. Chuo sitakitaja.

Nilituhumiwa kukutwa na simu. Simu yangu ilikuwa kwenye begi, begi liko mbele ya chumba na mabegi ya wengine wote, ikaita. Taarifa ya msimamizi ilikuwa mstari mmoja: "Mtahiniwa alikutwa na simu wakati wa mtihani." Alikutwa nayo wapi? Mkononi? Mfukoni? Kwenye begi mita 8 kutoka alipokaa? Haikusema. Nilikaa wiki 5 nikingoja kikao, huku kila mtu nyumbani anajua nakaribia kudisko.

Kilichoniokoa ni saa. Msimamizi wa kwanza aliandika tukio lilitokea 3:40. Wa pili aliandika 9:40. Kwenye kamati mjumbe mmoja akasema hizi ni taarifa za matukio mawili, mwingine akasema hapana, ni saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu. Wakabishana. Mwishowe wakaita msimamizi aeleze kwa mdomo, na hapo ndipo aliposema mwenyewe kwamba simu ilitoka kwenye begi. Nikapewa onyo la maandishi kwa kutoizima, ambalo nililistahili.

Ndugu mwandishi, barua yako inasema "taarifa ifike." Haisemi taarifa iandikweje. Mimi niliumia hapo.

---

Bondeni_Moshi

@Sekei_88 asante kwa kulisema, na pole. Nimekaa na ujumbe wako tangu asubuhi. Nimeandika upya aya ya taarifa, isome:

*Taarifa ieleze ulichokiona, ulichokisikia na ulichokifanya, kwa mpangilio wa muda. Usiandike "alikuwa anaiba" au "alikuwa na nia ya kudanganya". Andika mkono ulikuwa wapi, kitu kilikuwa wapi, kina maandishi gani, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Taja namba ya kiti na namba ya kitabu. Muda wote uandikwe kwa saa ya ukutani ya chumba cha mtihani, kwa Kiswahili, na neno asubuhi au mchana lifuate. Wasimamizi wawili wasiandike taarifa moja kwa pamoja. Kila mmoja aandike ya kwake kabla hawajazungumza.*

Na kwenye simu nimeongeza: *Simu haifunguliwi wala haipekuliwi na msimamizi. Izimwe na mtahiniwa mwenyewe, iwekwe kwenye bahasha, bahasha isainiwe na wote wawili juu ya mkunjo.*

Hilo la kutopekua nimeliweka kwa sababu msimamizi akishagusa kioo, mtahiniwa ana haki ya kuuliza kama picha ya maelezo ilikuwemo kabla au imeingia baadaye.

@Mstaafu_Kibosho hesabu nimeirekebisha. Sasa inasomeka: vilivyopokelewa = vya kwanza + nyongeza + vya mshukiwa + vilivyoharibika + vilivyobaki. Nikaijaribu kwa ukumbi wa mwaka jana kama ingekuwa kweli: 70 vimepokelewa, 60 vya kwanza, 3 nyongeza, 0 vya mshukiwa, 1 kimeharibika, lazima vibaki 6. Vikibaki 7, kuna saini hewa. Vikibaki 6 na mezani kuna 62 badala ya 63, kuna kitabu kimetoka au kimeanguka, na watu bado wamekaa, unakitafuta.

---

Mstaafu_Kibosho

Sasa inakaa. Ongeza kwamba nyongeza zifungwe kwa uzi ndani ya kitabu cha kwanza kabla ya kukusanywa, na namba zote mbili ziwe kwenye orodha. Nyongeza ikiwa huru inateleza inaingia ndani ya kitabu cha jirani. Na maswali yaliyobaki nayo hesabu, usihesabu majibu peke yake. Karatasi moja ya maswali ikitoka wakati kuna kundi jingine linaufanya mtihani huohuo mchana, umeuvujisha wewe.

Watu wanadhani kuvuja kunatokea chumbani. Mnakumbuka 2018, mtihani wa darasa la saba? Baraza lilifuta matokeo ya shule zote za halmashauri ya Chemba na za shule nyingine kadhaa, watoto wakarudia Oktoba. Maelfu ya watoto ambao hawakujua lolote wakakaa tena. Ndiyo maana nasisitiza zile dakika 45 kati ya rejesta na chumba.

---

Mwl_UsaRiver

Naungana na wote ila naomba kusema la msimamizi, maana tunaandikiwa barua kama vile tuko watatu kila chumba. Muhula uliopita nilikuwa peke yangu na watahiniwa 38, mwenzangu aliitwa kufundisha. "Mwite msimamizi mwenzako aone kabla hujagusa." Nimwite kutoka wapi? Nikitoka mlangoni kumtafuta, chumba kizima nimekiacha.

Halafu kuna jambo ambalo kila barua inalikwepa. Binti ameandika maelezo pajani, juu ya goti, sketi inafunika. Nimeona. Mimi ni mwanamume. Nifanye nini?

---

Bondeni_Moshi

La kwanza una haki, na si la kumalizwa na barua. Nimemwandikia mkuu wa taaluma kwamba chumba chenye msimamizi mmoja kisifunguliwe bahasha. Sijui kama atalikubali, kwa sababu wakufunzi hatutoshi. Kwa sasa nimeweka mtu mmoja wa korido kwa kila vyumba vitatu, anayesimama nje na kuitwa kwa mkono bila msimamizi kuacha mlango.

La pili, nimeandika hivi: msimamizi wa kiume asimguse wala asimwamuru kuinua nguo. Aandike saa na alichokiona, amwite msimamizi wa kike, huyo amchukue pembeni kwenye chumba kilichofungwa pamoja na mwanamke mwingine, wanakili maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi, wasaini. Swali langu kwenu: wapige picha?

---

MkufunziKaloleni

Wapige. Bila picha atanawa mikono na paja, kesho anakataa, na nakala ya wasimamizi atasema wameitunga.

---

Mwl_UsaRiver

Picha ya paja la mwanafunzi kwenye simu ya nani? Ya msimamizi? Ikisambaa kwenye makundi ya simu nani atajibu? Mimi ningekuwa mzazi wa huyo binti nisingelala.

---

Mstaafu_Kibosho

Kwa miaka yangu yote tulinakili kwa mkono, wanawake wawili wakasaini, na mtahiniwa akaombwa asaini nakala ileile. Wengi husaini, kwa sababu wanaona maneno yao mbele yao. Asiposaini, nakala inalinganishwa na majibu yake kwenye kitabu. Inatosha mara nyingi. Sisemi inatosha kila mara.

---

MkufunziKaloleni

Mara ambayo haitoshi ndiyo inayokwenda kwa mwanasheria, mzee wangu. Bado nasema picha, kwa kamera ya ofisi.

---

Bondeni_Moshi

Nimewasikia pande zote mbili. Kwenye barua ya sasa nimeandika kunakili kwa mkono tu. Suala la kamera ya ofisi nalipeleka kikaoni, nami binafsi naegemea upande wa @Mwl_UsaRiver.

---

Sekei_88

Swali langu la mwisho. Mtuhumiwa atapewa nakala ya taarifa lini? Mimi niliiona kwa mara ya kwanza ndani ya kikao.

---

Bondeni_Moshi

Nimependekeza siku 3 za kazi kabla ya kikao. Mkuu wa taaluma ameniambia tutaliangalia. Nitalifuatilia.

---

Bondeni_Moshi

MREJESHO, Jumatatu usiku.

Barua ilisainiwa Ijumaa. Jumamosi nilikaa na wasimamizi saa moja na nusu, tukafanya mazoezi kwa bahasha tupu na vitabu vya zamani, kila mmoja akajaza fomu mbele yangu. Wawili waliandika saa ya Kizungu hata baada ya kuambiwa. Nimeibandika saa ya ukutani karatasi yenye neno ASUBUHI.

Leo vyumba vitatu. Chumba cha kwanza na cha tatu hesabu ilikubali mara ya kwanza. Cha pili: vilipokelewa 50, vya kwanza 44, nyongeza 2, vilivyoharibika 0, vilivyobaki 4. Jumla imekubali. Lakini mezani vimekusanywa 45 badala ya 46. Watahiniwa wamekaa, mlango umefungwa, kuna vijana wawili wanalalamika kwamba wanachelewa basi la Same. Msimamizi akapita na orodha akilinganisha namba. Kwa mtahiniwa wa kiti 31 kitabu cha kwanza kipo, nyongeza aliyosainia haipo. Alikuwa hajaifunga kwa uzi. Ilikuwa ndani ya karatasi yake ya maswali, ameikunja pamoja nayo, na karatasi ya maswali iko mfukoni mwa koti. Akaitoa mwenyewe, ameshtuka kuliko sisi. Ilikuwa na jibu lake lote la swali la 5.

Dakika 9 tangu kengele ilipolia hadi mlango kufunguliwa.

Nimemwambia msimamizi aandike taarifa hata hivyo. Akauliza aiite nini, maana udanganyifu haukuwepo. Nikamwambia aandike alichokiona, kiti 31, saa 6:04 mchana, kipengele cha jina akiache wazi.

---

Mstaafu_Kibosho

Uzi wa kufungia uwekwe mezani kwa kila mtahiniwa tangu asubuhi. Usingoje waombe.

---

Bondeni_Moshi

Kesho saa 2:15 nitakuwa navyo vipande 130.